Kliki 280, baiskeli mbili

*Swali: Nina duka dogo na nimefungua tangazo langu la kwanza kule Google. Pesa niliyotenga imekwisha, naonyeshwa kliki nyingi, lakini wateja sijawaona. Je, niongeze bajeti au niachane na matangazo kabisa? Ukiweza nipe mfano wa mtu aliyepitia haya.*

Ndugu msomaji, usiongeze na usiache. Kwanza fungua ripoti moja ambayo huenda hujaifungua, kisha ndipo uamue. Kwa kuwa umeomba mfano, nitakupa hadithi ya mwenye duka mmoja. Nimeitunga, pamoja na hesabu zake, lakini kila kosa lililomo ni kosa ninaloliona kila mara kwenye akaunti za watu wanaotangaza kwa mara ya kwanza.

Bwana huyu anauza baiskeli mpya, nyingi za watoto. Hatengenezi baiskeli. Hana fundi, na hata pampu aliyonayo ni ya kujazia upepo zile anazouza. Siku aliyofungua kampeni aliandika maneno machache ambayo alitaka tangazo lake litokee mtu akiyatafuta: "baiskeli", "baiskeli ya mtoto", "duka la baiskeli". Akaweka mji wake, akaweka bajeti ya siku, akaandika tangazo lililosema karibuni dukani kwetu, ubora wa hali ya juu, bei nafuu. Kila alipoulizwa jambo asilolielewa aliacha kama lilivyopendekezwa, akabonyeza endelea.

Kesho yake akaona bajeti ya siku imetumika karibu mara mbili na akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Kiasi unachokiweka Google ni wastani wa siku. Siku yenye watafutaji wengi mfumo unaweza kutumia hadi mara mbili yake, halafu ukapunguza siku nyingine, ilimradi mwezi mzima usipite wastani huo mara 30.4. Nalitaja hili hapa kwa sababu wengi hufunga kampeni siku ya pili kwa hofu hiyo, kabla hawajajua lolote la maana.

Wiki ya kwanza alikuwa na furaha. Simu ya duka, ambayo zamani ilikuwa ikilia mara chache, sasa ikawa inalia asubuhi mpaka jioni. Binti anayekaa kaunta ndiye aliyekuwa akizipokea. Siku ya tano akamwambia, "Bosi, hawa wanauliza kama tunaziba pancha." Akajibu, "Waambie hatuzibi, ila waje waone baiskeli." Hakuuliza ni wangapi walioulizia pancha. Habari muhimu kuliko zote katika kampeni ile ilipita mbele yake hivyo, akaendelea kulipia kliki kwa siku nyingine 9.

Wiki mbili zilipoisha alikuwa amelipia kliki 280. Baiskeli ambazo wanunuzi wake walisema wazi kwamba wameona tangazo mtandaoni zilikuwa mbili.

Sasa tufanye hesabu yake, maana ndiyo hesabu ambayo hata wewe unapaswa kuifanya kabla ya kitu kingine. Chukua faida inayobaki kwenye baiskeli moja ukishatoa gharama ya kuinunua, kuisafirisha na kuiunga. Faida hiyo ukiigawa kwa gharama ya kliki moja unapata idadi ya kliki unazoweza kumudu kwa kila mauzo. Kwake yeye ilikuwa 25. Kliki ya 26 inatoka mfukoni. Kwenye kampeni yake kila baiskeli ilimgharimu kliki 140. Kabla ya siku ya kwanza hakuijua hiyo 25, kwa hiyo hakuwa na kipimo cha kumwambia lini mambo yameharibika. Alikuwa anaangalia tu idadi ya kliki ikipanda, na ikipanda anaona ni heri.

Alikuja kwa mtu anayejua kazi hii akiwa na swali kama lako: aongeze au aache? Yule mtaalamu hakumjibu. Alimwambia afungue akaunti, aende palipoandikwa Insights and reports, kisha Search terms. Hapo ndipo yanapoonekana maneno ambayo watu waliyaandika wenyewe kabla ya kubonyeza tangazo. Yule bwana alikuwa akiangalia ukurasa wa Keywords siku zote, nao ulimwonyesha maneno yaleyale matatu aliyoyaweka yeye. Hakujua kwamba hivi ni vitu viwili tofauti. Keywords ni maneno unayoomba. Search terms ni maneno uliyolipia.

Wakakaa na kalamu na karatasi, wakaanza kupanga mafungu. "Kutengeneza gia za baiskeli." Hilo fungu la matengenezo. "Fundi baiskeli wa karibu." Matengenezo tena. "Picha za baiskeli za kuchora." "Gemu la baiskeli." "Kazi duka la baiskeli." "Baiskeli za jumla." Kila walipofika kwenye "baiskeli ya mtoto wa miaka mitano bei" au linalofanana nalo, yule bwana aliweka alama kubwa.

Kliki 48 hazikuonyesha maneno yake. Google huficha yale yaliyotafutwa na watu wachache mno, na huko hakuna cha kufanya. Kwenye kliki 232 zilizobaki, 96 zilikuwa za watu wanaotaka kutengenezewa baiskeli, 58 za picha, video na magemu, 37 za ajira, jumla na aina asizouza. Waliotafuta baiskeli ya kununua walikuwa 41.

Ukiangalia vizuri utaona kitu kinachotia moyo ndani ya hasara ile. Tuseme baiskeli zile mbili zilitoka kwenye hizo kliki 41. Basi kila moja iligharimu kliki 20 na kidogo, chini ya 25 anazomudu. Hatuna hakika nayo, maana mauzo mawili ni machache mno kukupa uhakika wa aina yoyote, lakini inatosha kukuonyesha kwamba duka halikuwa na ubaya wala bei haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa zile kliki nyingine. Angeacha matangazo kabisa angetupa na kile kidogo kilichokuwa kinafanya kazi. Angeongeza bajeti mara mbili angewalipia watafuta mafundi mara mbili.

Kwa nini mtu wa pancha aonyeshwe tangazo la baiskeli mpya? Hapa inabidi nikueleze jinsi maneno yanavyopokelewa, kwa sababu ndipo pesa nyingi za kampeni za kwanza zinapopotelea. Neno moja linaweza kuandikwa kwa namna tatu:

```
baiskeli ya mtoto
"baiskeli ya mtoto"
[baiskeli ya mtoto]
```

La kwanza, lisilo na alama, linaitwa Broad match, na ndilo unalopata usipochagua kitu. Unauruhusu mfumo kukuletea chochote unachodhani kinahusiana na neno lako, hata kama neno lenyewe halimo. Ukiandika "baiskeli" peke yake bila alama umefungua mlango kwa kila mtu duniani mwenye shughuli yoyote na baiskeli. La pili, lenye alama za kunukuu, linadai maana ya kirai chako iwemo kwenye utafutaji. La tatu, lenye mabano, ndilo lenye kubana zaidi. Usidhani, hata hivyo, kwamba mabano yanamaanisha herufi kwa herufi. Siku hizi hata hilo linakubali maneno mengine yenye maana ileile, kwa hiyo ripoti ya Search terms haikwepeki hata ukibana namna gani.

Sisemi Broad match haifai. Kwenye akaunti iliyokwisha kusanya mauzo mengi yanayopimwa, mfumo unajua mnunuzi wako yukoje na unaweza kumtafuta kwa maneno ambayo wewe usingeyafikiria. Akaunti mpya isiyopima chochote haina cha kuufundisha mfumo. Kwa yule bwana, kliki ya mtu wa pancha na kliki ya mnunuzi zilihesabiwa sawa, na mfumo ukaenda kuleta zilizo rahisi kupatikana.

Kulikuwa na uvujaji mwingine, nao ni wa mahali. Aliweka mji wake, akaamini kwamba wanaoliona tangazo wako mjini kwake. Ukiacha mpangilio wa mahali kama ulivyo, unakuwa umechagua Presence or interest, yaani watu waliopo pale pamoja na watu walioonyesha tu kwamba wanavutiwa na pale. Mtu aliye mbali kabisa, aliyewahi kusoma habari za mji huo, anaweza kuingia. Katika kliki zile 280, 61 zilitoka nje ya eneo ambalo angeweza kupeleka baiskeli. Dawa yake ni kuchagua Presence peke yake, na chaguo hilo limejificha chini ya sehemu ya Locations, inayofunguka tu ukibonyeza Location options. Ukiwa hukohuko, angalia pia kama hukuacha alama ya Display Network kwenye kampeni ya utafutaji. Kwa kawaida utaikuta alama hiyo imeshawekwa, nayo hupeleka tangazo lako kwenye tovuti na programu ambako hakuna mtu aliyekuwa anatafuta chochote.

Kampeni ya pili aliianza akiwa na virai vitatu tu, vyote ndani ya alama za kunukuu, na orodha ya maneno ya kuzuia. Orodha hiyo huitwa Negative keywords. Unayaweka humo maneno ambayo mtu akiyaandika hutaki tangazo lako litokee. Akaweka "kutengeneza", "picha", "gemu", "kazi".

Wiki iliyofuata wakafungua ripoti tena. "Kutengeneza" limetoweka, lakini wamekuja "matengenezo", "fundi" na "ajira". Maneno ya kuzuia hayafanyi kazi kama maneno unayoyaomba. Yale unayoyaomba mfumo unayatanulia maana, yale ya kuzuia hautanui. Ukizuia "kazi", "ajira" inapita. Kwa Kiswahili jambo hili linauma zaidi, kwa sababu mzizi mmoja unazaa sura nyingi: tengeneza, kutengeneza, kutengenezewa, matengenezo, watengenezaji. Kila moja inabidi uiandike. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna njia ya mkato ninayoijua zaidi ya kuifanya kidogo kidogo kila wiki ukiwa na ripoti mbele yako.

Halafu akafanya kosa ambalo watu makini ndio hulifanya. Alikerwa na watu wa "bei ya jumla", akaingiza "bei" kwenye orodha ya kuzuia. Siku tatu kliki zikakauka karibu kabisa. Akadhani washindani wamemfungia. Kumbe alikuwa amewafukuza wote wanaoandika "bei ya baiskeli ya mtoto", na hao ndio waliokuwa wamekwisha kuamua kununua. Akaondoa "bei", akaweka "jumla", mambo yakarudi. Kabla hujazuia neno lolote, rudi kwenye fungu lako la wanunuzi uangalie kama neno hilo limo. Likiwemo, zuia kirai kirefu zaidi au tafuta neno jingine la kuwatenga wale usiowataka.

Tangazo lenyewe pia lilibadilika. Lile la kwanza, la ubora wa hali ya juu na bei nafuu, lingeweza kuwa la duka lolote, na mtu wa pancha alipolisoma hakukuta sababu ya kutolibonyeza. Unalipa mtu anapobonyeza, kwa hiyo tangazo zuri lina kazi ya kumvuta mmoja na kumzuia mwingine palepale, kabla hajakugharimu. Kichwa kimoja kina nafasi ya herufi 30, nafasi zikihesabiwa. Yeye aliandika "Baiskeli Mpya za Watoto" na kingine "Hatufanyi Matengenezo". Kwa kuwa Google huchanganya vichwa inavyoona inafaa, kichwa kinachochuja kinaweza kisitokee. Ndiyo maana alitumia alama ya pini iliyo pembeni ya kichwa, akakifunga katika nafasi ya pili. Mfumo ulimlalamikia kwamba nguvu ya tangazo imeshuka. Asijali. Nawe usijali ukiona alama za namna hiyo, pamoja na ile ya asilimia iitwayo Optimization score ambayo hupenda kukushauri uongeze bajeti. Inapima ni kwa kiasi gani umefuata mapendekezo yao. Haijui kama umeuza.

Kuhusu ukurasa anaofikia mtu akibonyeza, nitasema machache, kwa sababu huo ni mlango wa somo jingine. Mwanzo alikuwa anawapeleka ukurasa wa mbele wa tovuti, wenye picha ya jengo na historia ya duka, na namba ya simu chini kabisa, tena ndani ya picha, kiasi kwamba ukiigusa kwenye simu haipigi. Sasa anawapeleka moja kwa moja kwenye baiskeli za watoto: ukubwa wa tairi kwa inchi, 12, 16 na 20, kila moja na urefu wa mtoto inayemfaa, bei, na namba inayopigika ukiigusa. Binti wa kaunta ndiye aliyeshauri urefu wa mtoto uandikwe. Ndilo swali aliloulizwa kuliko yote na wale waliokuwa wanunuzi kweli.

Namba hiyo ni ya laini mpya, isiyoandikwa mahali pengine popote. Simu ikilia kwenye laini hiyo, mtu ametoka kwenye tangazo. Kando yake kuna daftari lenye safu tatu: siku, alichoulizia, amenunua au hapana. Zipo njia bora zaidi za kupima, na akaunti ikikua anapaswa kuziweka ili mfumo wenyewe ujue kliki ipi imezaa mauzo. Kwa duka lenye simu chache kwa siku, daftari linatosha kuanzia, na lina faida moja kubwa: safu ya pili inakuonyesha watu wa pancha siku ya kwanza.

Baada ya wiki mbili za kampeni ya pili alikuwa na kliki 90. Zimepungua sana, na alipoona hivyo moyo wake ulishtuka kidogo. Bajeti ya siku ilikuwa haiishi. Akauliza kama aongeze maneno ili iishe. Hapana. Bajeti inayobaki kwenye kampeni iliyobanwa vizuri mara nyingi ina maana kwamba watu wa eneo lako wanaotafuta kitu chako wiki hiyo ni hao tu, na tangazo la utafutaji haliwezi kuwazalisha wengine. Kama anataka kuwafikia wasiotafuta, hiyo ni kampeni ya aina nyingine yenye hesabu nyingine, na asiichanganye na hii.

Kliki zile 90 ziliuza baiskeli tano, yaani kliki 18 kwa moja. Lakini kliki yenyewe ilikuwa imepanda bei kwa robo, kwa sababu maneno ya watu wanaotaka kununua hugombaniwa na wauzaji wengi kuliko maneno ya watafuta picha. Ukiibadilisha kwa kipimo cha mwanzo, baiskeli moja ilimgharimu sawa na kliki 22.5 za zamani, wakati anamudu 25. Faida ipo, ila ni nyembamba. Baiskeli tano bado ni chache, mwezi mbaya mmoja unaweza kuifuta. Alichofanya ni kuacha kampeni iendelee kwa bajeti ileile, akaanza kuandika kwenye daftari na kofia za kuendeshea zilizonunuliwa pamoja na baiskeli, maana mauzo hayo nayo yameletwa na kliki ileile na hakuwa akiyahesabu.

Sasa turudi kwako. Kampeni yako isimamishe kwa muda, usiifute, kwa sababu ukifuta utajisumbua kuitafuta ripoti unayoihitaji. Fungua Search terms, juu upande wa kulia chagua tarehe kuanzia siku uliyoanza hadi siku pesa ilipokwisha, panga kwa safu ya gharama ili yaliyokula pesa nyingi yawe juu. Anza na maneno 50 ya kwanza, uyagawe mafungu kwa mkono, bila kuharakisha. Kando ya karatasi andika kliki ngapi unamudu kwa mauzo moja. Kama fungu la wanunuzi lipo na lina kliki za kutosha, anza upya kwa virai vichache ndani ya alama za kunukuu, Presence peke yake, na tangazo linalosema wazi usichouza. Kama umeyapitia yote 50 na hujakuta hata moja la mtu anayetaka kununua unachouza, angalia kwanza kama maneno uliyoomba yalikuwa mapana kama yale ya bwana wa baiskeli. Yakiwa yalikuwa finyu na bado wanunuzi hawapo, basi watu wako hawatafuti kitu hicho Google, na pesa ya kampeni ya pili ipeleke kwingine.